Jino la Kijivu na Meno ya Hudhurungi: Rangi Imekaa Wapi?

Jino moja la mbele likigeuka kijivu na mengine yakabaki na rangi yake, hakuna dawa ya meno wala unga wa mkaa utakaolirudisha, hata ukilisugua mpaka ufizi utoke damu. Hata hivyo ndivyo wengi wanavyofanya. Wanasugua miezi mizima, wanabadilisha dawa, wananunua vibandiko vya kung'arisha meno, na kila wakijitazama kwenye kioo jino lile linazidi kujitenga na mengine. Rangi ile haiko juu ya jino. Iko ndani, na mara nyingi chanzo chake ni pigo la zamani ambalo mwenye jino amekwisha kulisahau.

Mtu akienda kwa daktari wa meno kulalamikia rangi, uchunguzi mzuri huanza na maswali mawili mepesi. Je, ni jino moja au ni mengi? Na je, rangi imekaa juu au inatoka ndani? Kwa maswali hayo mtu anaweza, hata akiwa nyumbani, kuanza kutenganisha aina tatu za rangi ambazo huchanganywa sana: madoa ya juu yanayoletwa na vinywaji, vyakula na tumbaku, rangi iliyoachwa na dawa, na jino la kijivu lililokufa. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya moja ikipelekwa kwa nyingine hupoteza fedha, na wakati mwingine huharibu jino lililokuwa zima.

Tuanze na jino lenyewe. Sehemu inayoonekana mdomoni imefunikwa na enameli, ambayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Enameli si nyeupe kama karatasi, inapitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, yenye umanjano hafifu, na katikati kabisa kuna kiini, yaani chumba chenye mishipa ya damu na neva. Enameli ni kama kioo cha dirisha, na dentini ni pazia lililo nyuma yake: kioo kikichafuka kwa nje unakifuta, lakini pazia likibadilika rangi, kufuta kioo hakusaidii. Dentini yenyewe imejaa vijia vyembamba mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyotoka kwenye kiini kuelekea nje. Vijia hivyo ndivyo vinavyobeba rangi ya jino lililokufa, na tutavirudia.

Madoa yanayokaa juu

Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, mate huacha juu ya meno utando mwembamba wa protini. Utando huo ni wa kawaida na hulinda jino, lakini ndio pia unaoshika rangi. Chai ya rangi na kahawa zina tanini, ambayo hunasa kwenye utando na kuacha ukahawia. Tumbaku huacha lami. Tambuu huacha wekundu unaoishia kuwa hudhurungi iliyokolea. Madoa haya yana mahali pao: karibu na ufizi, katikati ya jino na jino, na hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, ambako mswaki haufiki vizuri. Hapo ndipo ugaga nao hujijenga upesi, kwa sababu tezi za mate zinafungukia karibu, na ugaga kwa ukwaru wake hunasa rangi zaidi.

Dawa za hospitali nazo huweza kutia madoa ya namna hii. Hapa watu wengi hushtuka bure, maana wakisikia kwamba dawa ndiyo iliyobadilisha rangi wanadhani meno yameharibika kwa maisha yote. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, ambayo hutolewa baada ya upasuaji mdogo wa kinywa au ufizi unapougua, inaweza kuyapaka meno na ulimi ukahawia ndani ya wiki moja au mbili, hasa kwa mnywaji wa chai na kahawa. Dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, huwaachia watoto weusi kwenye meno. Yote hayo yako juu na yanasafishika. Weusi huo si sababu ya kuacha kumpa mtoto dawa aliyoandikiwa. Mpe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, ukiielekeza dawa nyuma ya ulimi, kisha anywe maji. Mtoto mkubwa anaweza kunywa kwa mrija.

Tiba ya madoa ya juu ni kusafishwa meno na daktari. Ugaga hukwanguliwa kwa kifaa cha mkono au kile cha umeme kinachotetema huku kikimwaga maji, kisha meno husuguliwa kwa brashi ndogo inayozunguka yenye dawa laini ya kung'arisha. Kwa mwenye ufizi wenye afya kazi hiyo kwa kawaida huisha kwa ziara moja, bila ganzi. Rangi itarudi polepole mtu akiendelea na chai yake na sigara zake, na hapo atasafishwa tena.

Jambo linalonisikitisha ni yale ambayo watu hujifanyia kabla ya kufika huko. Enameli huanza kuyeyuka pale asidi mdomoni inapofika kipimo cha pH cha karibu 5.5, na namba ikishuka ndivyo asidi inavyokuwa kali. Maji ya limau yako kati ya 2 na 3. Anayesugua meno kwa limau anaiyeyusha enameli, na akiongeza mkaa uliosagwa au majivu anakwangua ile iliyokwisha lainishwa. Siku za kwanza ataona meupe, kwa kuwa madoa yametoka. Baada ya muda atashangaa meno yamekuwa ya manjano kuliko mwanzo na yanauma kwa maji baridi: enameli imepungua unene, na umanjano wa dentini sasa unaonekana waziwazi. Jino likishaota, enameli haina tena chembe hai za kuijenga upya. Iliyokwisha, imekwisha.

Dawa iliyoingia wakati jino linaumbwa

Aina ya pili ni tofauti kabisa, kwa sababu rangi yake iliingia miaka kabla jino halijaonekana mdomoni. Dawa inayojulikana zaidi kwa jambo hili ni tetrasaikilini. Dawa ya kwanza ya ukoo huo ilitangazwa mwaka 1948, ikatumika sana kwa sababu ilitibu maradhi mengi na haikuwa ghali. Mwaka 1956 madaktari walianza kuandika kuhusu watoto waliotibiwa nayo kwa muda mrefu na kuota meno yenye rangi isiyo ya kawaida.

Tetrasaikilini hushikamana na kalisi. Jino linapojengwa ndani ya taya, kalisi hulazwa tabaka juu ya tabaka, na dawa iliyo kwenye damu wakati huo hulazwa pamoja nayo, hasa kwenye dentini. Hatari huanza baada ya mwezi wa nne wa ujauzito, meno ya utoto yanapoanza kukomaa tumboni, na huendelea mpaka mtoto afikishe karibu miaka 8, ambapo sehemu za juu za meno ya ukubwani zimekwisha kuumbwa, isipokuwa magego ya mwisho. Baada ya umri huo, tetrasaikilini ya kawaida haiyatii rangi hiyo meno yanayoonekana. Ndugu yake mmoja, minosaikilini, hana adabu hiyo: anaweza kubadilisha rangi ya meno hata ya mtu mzima akitumika muda mrefu.

Meno haya huota yakiwa ya manjano. Mwanga ukiyapiga mwaka hadi mwaka, dawa iliyonaswa ndani hubadilika, na umanjano hugeuka ukahawia au kijivu. Kwa hiyo meno ya mbele, yanayopata mwanga, huwa meusi zaidi kuliko magego yaliyojificha nyuma ya mashavu. Dalili nyingine ni mistari ya mlalo inayopita kwenye meno kadhaa, upande wa kulia ukilingana na wa kushoto, kwa sababu meno pacha ya pande hizo huumbwa wakati mmoja. Kwa urefu wa mstari kwenye jino, daktari anaweza kukadiria mtoto alikuwa na umri gani alipopewa dawa.

Mzazi anayesoma haya asiogope zaidi ya inavyostahili. Mafuta ya macho ya tetrasaikilini, ambayo watoto wengi wachanga hupakwa, huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno, na hayatarajiwi kubadilisha rangi ya meno. Doksisaikilini, iliyo ya ukoo uleule, hushikamana na kalisi kwa nguvu ndogo zaidi, na siku hizi madaktari wa watoto huikubali kwa matibabu mafupi inapohitajika kuokoa maisha. Kinachohitaji tahadhari ni tabia ya kununua vidonge dukani kwa kuonyesha rangi yake. Dawa nyingi tofauti huja katika vidonge vya rangi mbili. Uliza jina, na mweleze mwuzaji kama anayetumia ni mtoto au mjamzito.

Kabla ya kuhukumu kwamba ni tetrasaikilini, daktari wa Arusha, Meru au sehemu nyingi za Bonde la Ufa atauliza kwanza mtu alikulia wapi na alikunywa maji gani. Miamba ya volkano ya huko hutia floraidi nyingi kwenye maji ya visima na chemchemi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya maeneo hayo yanavuka hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaumbwa, enameli hutoka na mabaka meupe kama chokaa, na yenye vinyweleo hunyonya rangi na kuwa ya kahawia. Magadi yanayotiwa kwenye makande na mboga huongeza floraidi hiyo. Tofauti na rangi ya tetrasaikilini, hii imekaa kwenye enameli, kwa hiyo hutibika kwa urahisi zaidi: daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba sana la juu kwa dawa maalumu yenye asidi na mchanga laini, kipimo cha sehemu ndogo ya milimita, kisha kung'arisha kilichobaki. Ukali wa hali ndio utakaoamua kama hiyo inatosha.

Kwa rangi ya tetrasaikilini, subira ndiyo tiba ya kwanza. Daktari huchukua kipimo cha meno na kutengeneza kasha jembamba la plastiki linalokaa juu yake. Mgonjwa hutia humo jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo ikiyeyuka hutoa haidrojeni peroksaidi ya karibu asilimia 3.5, na hulivaa usiku. Mtu mwenye meno ya manjano ya kawaida huona mabadiliko ndani ya wiki mbili hadi sita. Mwenye rangi ya tetrasaikilini huhitaji miezi, mara nyingi miwili hadi sita, na wakati mwingine zaidi. Ukahawia na umanjano huitika vizuri kuliko kijivu, na mstari ulio karibu na ufizi ndio mkaidi kuliko yote. Meno yanaweza kuhisi ganzi ya baridi au maumivu ya ghafla kipindi hicho. Mgonjwa akipumzisha siku moja au mbili hutulia. Mstari ukikataa kuondoka, njia iliyobaki ni kufunika meno ya mbele kwa maganda membamba ya kauri. Kazi hiyo ni ghali na huhitaji kupunguza sehemu ya enameli, kwa hiyo mtu akimbilie huko baada ya jeli kushindwa, si kabla.

Jino lililokufa

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 23 ambaye jino lake la mbele la juu, upande wa kushoto, limekuwa kijivu. Akiulizwa kama aliwahi kuumia, anasema hapana. Akiulizwa tena polepole, anakumbuka kwamba akiwa sekondari alipigwa kiwiko uwanjani. Mdomo ulivimba, ufizi ulitoka damu kidogo, jino likalegea siku chache, kisha likakaza. Halikuvunjika, halikuuma tena, na hakwenda hospitali. Weusi ulianza kuonekana kwenye picha baada ya miaka miwili hivi. Sasa, mara mojamoja, kipele kidogo hutokea kwenye ufizi juu ya jino lile, hupasuka, huacha ladha ya chumvi, na kupotea.

Kilichotokea siku ile ya kiwiko ni hiki. Mishipa ya damu na neva huingia kwenye jino kupitia tundu dogo sana kwenye ncha ya mzizi. Jino likisukumwa ghafla, hata kwa milimita moja, mishipa hiyo inaweza kubanwa au kukatika. Damu humwagika ndani ya chumba cha kiini na kusukumwa kwenye vile vijia vya dentini. Huko chembe nyekundu huvunjika na kuacha madini ya chuma. Kiini kilichokosa damu hufa na kuoza, na bakteria wakiingia hutoa hewa ya salfa inayoungana na chuma na kutengeneza kitu cheusi. Weusi huo umelazwa ndani ya dentini, na mwanga unaopita kwenye enameli unaurudisha machoni kama kijivu.

Kipele kwenye ufizi kinaeleza sehemu ya pili ya habari. Ni mdomo wa usaha unaotoka kwenye ncha ya mzizi. Kwa kuwa usaha una njia ya kutokea, haubani, ndiyo maana kijana haumwi. Kutokuuma kwa jino kama hili kusimpe mtu faraja. Neva iliyokufa haina namna ya kulalamika, huku mfupa unaozunguka ncha ya mzizi ukiliwa taratibu.

Daktari mwangalifu hatatangaza kifo cha jino kwa kuangalia rangi pekee. Ataweka pamba iliyopozwa sana juu ya jino lile, kisha juu ya jirani zake, ili kulinganisha: jino hai huhisi baridi, lililokufa halihisi. Anaweza kutumia pia kifaa kinachopitisha umeme mdogo mno. Atagonga taratibu kwa mpini wa kioo chake, atabonyeza ufizi, na atapiga picha ya eksirei kutafuta kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Kwa kijana wetu, baridi haihisiki, kivuli kipo, na kipele kipo. Hapo hakuna shaka.

Hali ingekuwa nyingine kama angefika wiki tatu baada ya kuumia. Jino lililopigwa linaweza kukaa bila kuhisi chochote hata miezi mitatu na bado likapona, na weusi wa siku za mwanzo mara nyingine hufifia wenyewe damu ikirudi. Ndiyo sababu mtu aliyegongwa mdomoni anaitwa kurudi kupimwa baada ya wiki kadhaa, kisha miezi, kisha mwaka. Zipo pia dalili zinazofanana lakini zina maana nyingine: jino lililoumia likigeuka manjano kuliko wenzake, badala ya kijivu, kwa kawaida liko hai. Kiini chake kimejihami kwa kujijengea dentini zaidi mpaka chumba kikajaa. Jino hilo huachwa na kufuatiliwa, na haifai kulitoboa kwa sababu ya rangi tu.

Tuendelee na kijana. Chaguo analopewa na marafiki ni kung'oa, na kwa bahati mbaya mara nyingi ndilo analopewa kliniki pia. Mimi naona ni hasara kubwa. Jino lililokufa ni kiini kilichokufa. Mzizi wake bado umeshikwa na mfupa na bado unatafuna. Likitolewa, mfupa wa mahali pale husinyaa, na pengo la mbele litahitaji jino bandia la kuvaa na kuvua, au daraja linalokatia meno mawili mazima, au skrubu ya kupandikizwa kwenye taya.

Tiba ya mzizi inafanyika hivi. Daktari huchoma sindano ya ganzi na kulitenga jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie. Anatoboa tundu dogo nyuma ya jino, upande wa ulimi, kusiko onekana. Kwa vijiti vyembamba vya chuma anasafisha mfereji wa mzizi mpaka karibu na ncha, huku akiuosha na dawa ya klorini inayoua bakteria na kuyeyusha mabaki. Picha au kifaa cha kupimia urefu kinamwonyesha asipite ncha. Mfereji ukiwa safi na mkavu huzibwa kwa gataperka, utomvu unaofanana na mpira. Kunapokuwa na usaha, baadhi ya madaktari huacha dawa ndani kwa wiki moja au mbili kabla ya kuziba. Kipele hupotea, na mfupa hujijenga upya kwa miezi kadhaa.

Baada ya hayo jino limepona lakini bado ni kijivu. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani tiba ya mzizi imefeli au hata ndiyo iliyolitia weusi. Kweli, mabaki ya kiini yakisahauliwa kwenye pembe za juu za chumba, au dawa ya kuzibia ikiachwa ndani ya sehemu inayoonekana, rangi inaweza kuongezeka. Kwa hiyo hatua ya kung'arisha huanza kwa kufungua tena tundu lile la nyuma na kusafisha pembe hizo vizuri.

Kisha daktari hupunguza gataperka mpaka iwe karibu milimita mbili chini ya mstari wa ufizi, na juu yake huweka kizibo kigumu chenye unene wa milimita mbili hivi. Kizibo hiki hakipaswi kurukwa hata siku moja. Kinazuia dawa ya kung'arisha isipenye kwenda kwenye mzizi. Juu yake huwekwa uji mzito wa unga wa sodiamu paborati uliochanganywa na maji, au jeli ya peroksaidi kwa daktari anayeipendelea, na tundu hufungwa kwa muda. Mgonjwa anakwenda nyumbani, dawa inaendelea kufanya kazi ndani kwa ndani. Njia hii ilielezwa na madaktari mwaka 1961, na hadi leo ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa jino la namna hii.

Baada ya siku tatu hadi saba anarudi, dawa hubadilishwa, na rangi hulinganishwa na jirani. Mara nyingi ziara mbili hadi nne zinatosha. Daktari hupenda kuishia pale jino linapozidi weupe kidogo kuliko mengine, kwa kuwa litatulia baadaye. Halafu husubiri wiki moja au mbili kabla ya kuziba tundu kwa dawa ngumu yenye rangi ya jino, maana oksijeni iliyobaki ndani huzuia dawa hiyo isishike vizuri.

Kijana akitaka meno yote yawe meupe zaidi, aseme mapema. Wale wanaopaka jeli ya kung'arisha meno yote kwa nje wakiwa na jino moja lililokufa huishia na tofauti kubwa kuliko mwanzo: majirani yanang'aa, la kijivu linabaki pale pale.

Tiba hii ina mipaka yake. Kwa baadhi ya watu rangi hurudi kidogo baada ya miaka, na kazi hurudiwa. Hatari kubwa zaidi, ingawa haitokei mara nyingi, ni mwili kuanza kula mzizi kutoka nje, karibu na ufizi. Hatari hiyo huongezeka kwa jino lililowahi kuumia, na zaidi pale kizibo kile kinapokosekana, au peroksaidi kali ya asilimia 30 inapotumiwa pamoja na joto, njia ambayo madaktari wengi wameiacha. Haiumi inapoanza, kwa hiyo kijana atahitaji picha ya eksirei baada ya miezi sita, kisha kila mwaka kwa miaka kadhaa. Jino likigoma kung'aa kabisa, au likiwa limemong'onyoka, linavikwa kofia ya kauri.

Mambo ni mengine kwa mtoto mdogo. Anayeanza kutembea huanguka, na jino lake la utoto likageuka kijivu wiki chache baadaye. Mengi ya meno hayo hufifia au hubaki kijivu bila madhara, na rangi peke yake si sababu ya kuyang'oa wala kuyatoboa. Mzazi aangalie ufizi juu ya jino: uvimbe, kipele, usaha, jino kulegea, au mtoto kukataa kulitumia. Hayo yakitokea, jino la ukubwani linaloumbwa juu yake linaweza kudhurika, na mtoto apelekwe bila kuchelewa. Yasipotokea, daktari atalifuatilia tu mpaka ling'oke lenyewe, mtoto akiwa na miaka 6 au 7.